Shajara ya mradi: ripoti ya alama za wageni kila Jumatatu, na hesabu ya alama za chini

Jumatatu, 3 Novemba

Naanza kuandika leo maana Madamu (meneja wetu wa huduma) amekubali tuache ile ripoti ya mwisho wa mwezi, sasa atakua apata kila Jumatatu asubuhi. Gesti yetu hapa Malindi ina vyumba 14 na safari ya boti ya kwenda marini paki, na kila mgeni akitoka anajaza fomu ya maoni kwenye simu, maswali matano tu: mapokezi, chumba, kifungua kinywa, boti kama alikwenda, na huduma kwa jumla. Alama ni 1 mpaka 5, halafu pana kijisanduku cha kuandika maneno na namba ya chumba akitaka. Miaka yote tulikua twapiga kalkuleta mwisho wa mwezi, twaandika wastani mmoja, 4.2, 4.3, 4.2, na Madamu aangalia aweka chini, hana la kufanya nao.

Nlimwonyesha kwa karatasi kwa nini wastani peke yake haumsaidii. Chukua wiki yenye majibu 20. Wageni kumi na nne wamekupa 5, watatu wamekupa 4, watatu wamekupa 1. Jumlisha upate 85, gawa kwa 20, ni 4.25. Sasa chukua wiki nyingine, majibu 20 vilevile, watano wamekupa 5 na kumi na tano wamekupa 4. Jumla ni 85 tena, wastani ni 4.25 tena. Wiki ya pili hakuna mtu alokasirika, wako waloridhika tu na wengine waloridhika sana. Wiki ya kwanza pana watu watatu wameondoka hapa na roho mbaya, na pengine wameshawaambia jamaa zao wasije. Namba ni ileile. Madamu akaitazama ile karatasi kitambo akasema, "Bas mimi nataka kujua hao watatu ni nani na walisema nini." Mradi wenyewe ndo huo.

Tumekubaliana alama ya chini ni 1 na 2. 3 tumeiacha, maana wengi wanaoweka 3 huandika "sawa tu", hawana lalamiko.

Jumatatu, 10 Novemba

Ripoti ya kwanza. Nliweka triga kwenye shiti inakoingia majibu ya fomu, saa kumi na mbili asubuhi imeli inajituma yenyewe, Madamu anaisoma kabla hajafika jikoni. Ikasema majibu 21, wastani 4.3, alama ya chini 1.

Mimi nikafungua shiti kuangalia tu, nikahesabu mistari ya wiki ile kwa kidole, nikapata 29. Mistari minane imekwenda wapi?

Fomula niliyoiandika ilikua inasema tarehe iwe kuanzia Jumatatu na isizidi Jumapili, hivi:

```
=COUNTIFS(Majibu!A:A,">="&B1,Majibu!A:A,"<="&B1+6,Majibu!F:F,"<=2")
```

Safu A ni tarehe ya kujaza, F ni alama ya huduma kwa jumla, B1 ni tarehe ya Jumatatu, kwa hivyo B1+6 ni Jumapili, ukisoma haraka haina makosa. Lakini fomu haiandiki tarehe peke yake, inaandika na saa. Na kwa kompyuta "Jumapili" tupu maana yake ni Jumapili usiku wa manane, pale siku inapoanza. Mgeni alojaza Jumapili saa nne asubuhi tayari amepita ule mpaka, haingii wiki hii, na wiki ijayo inaanza Jumatatu kwa hivyo haingii huko pia. Anapotea kabisa. Na Jumapili kwetu ndo siku ya kutoka, wale wa Nairobi walokuja wikendi wote wanafunga mabegi siku hiyo, ndo maana wanane kwa mpigo.

Dawa ni kusema "kabla ya Jumatatu ijayo":

```
=COUNTIFS(Majibu!A:A,">="&B1,Majibu!A:A,"<"&B1+7,Majibu!F:F,"<=2")
```

Hesabu sahihi ni majibu 29 na alama za chini 3. Wawili kati ya hao watatu walikua wa Jumapili, wote wamelalamikia kusubiri risepsheni wakati wa kulipa. Ina maana ripoti ilikua inaficha ile siku ambayo risepsheni inalemewa. Nimemtumia Madamu marekebisho na nimeongeza mstari mmoja juu ya ripoti, idadi ya majibu yote, ili mtu yeyote aweze kulinganisha na shiti.

Jumatatu, 17 Novemba

Majibu 28, alama za chini 6. Madamu akapiga simu hata saa moja haijafika, "Sita? Kumetokea nini?" Nikamwambia nipe nusu saa nizisome moja moja.

Hii ndo kazi ambayo fomula haiifanyi. Nikazitoa zote sita nikaziweka mbele yangu, namba upande huu na maneno upande huu. Tatu zilikua wazi, mmoja kifungua kinywa kilichelewa boti ikamuacha, mmoja kelele za jenereta, mmoja eisi ilidondosha maji juu ya kitanda. Tatu nyingine zikanikwamisha. Mbili zimeandikwa Kijerumani. Nikampelekea ami wa boti, yeye miaka mingi amechukua wageni wa kule na lugha anaisikia vizuri, akasoma akacheka akasema, "Huyu anasema kila kitu kilikua kizuri, na huyu anasema watarudi mwakani na watoto." Na wote wawili wameweka 1 chini mpaka juu.

Ami akanieleza jambo ambalo nlikua sijui. Shule za Ujerumani alama ya 1 ndo ya juu kabisa, mtoto akipata 1 anapongezwa, na 6 ndo ya chini kabisa. Kwa hivyo mgeni ameona mstari wa 1 mpaka 5 bila maelezo akajaza kama alivyozoea tangu utotoni. Na yule wa tatu hakua Mjerumani hata, ni familia kutoka Mombasa, wameweka 1 na wameandika "mko namba wani". Hapo nikaelewa kwamba hata kwetu sisi wenyewe moja ni cheo cha juu, wa kwanza darasani ni namba moja. Fomu ilikua inamtega mtu.

Kwenye ripoti nimefanya hivi. Sikuzigeuza zile alama kuwa 5, maana nikianza kugeuza majibu ya watu kwa kukisia, kesho mtu ataniuliza ni zipi nimegeuza na mimi sitakua na jibu. Nimeacha namba kama zilivyo, nimeongeza safu pembeni inayoitwa "maneno yapingana", natia alama ya ndio pale tu ambapo mtu ameandika sifa wazi. Alama ya 1 isokua na maneno yoyote yabaki alama ya chini, siwezi kujua moyo wa mtu. Ripoti ikasomeka: alama za chini 6, kati yake 3 maneno yapingana na namba. Madamu akaridhika, akataka tubadilishe fomu.

Jumatano, 19 Novemba

Nimebadilisha swali. Ile aina ya mstari wa namba inaruhusu kuandika maneno kwenye ncha mbili tu, na mtu akiwa na haraka hazioni. Nimeweka chaguo lenye maneno kila mahali: "1 - Mbaya sana", "2 - Mbaya", "3 - Wastani", "4 - Nzuri", "5 - Nzuri sana", kwa Kiswahili, Kiingereza, Kiitaliano na Kijerumani. Majibu mapya yanaangukia safu zilezile. Nimejaribu kujaza mwenyewe mara mbili, yanaingia vizuri, nikayafuta.

Jumatatu, 24 Novemba

Leo imekua siku ngumu na naiandika yote.

Imeli ya saa kumi na mbili ilikwenda ikisema majibu 26, alama za chini 0, wastani 4.6. Madamu akafurahi sana, kwenye mkutano wa asubuhi akawasifu watu wote, jikoni, vyumbani, mapokezi. Baada ya mkutano dada wa risepsheni akanivuta pembeni, "Wewe, sifuri vipi? Yule bwana wa chumba 11 Ijumaa si alinigombeza hapa mbele ya watu, na fomu alijaza nikimuona."

Nikarudi kwenye shiti. Chumba 11 yupo, ameweka "1 - Mbaya sana", imekaa pale yaonekana. Lakini fomula inatafuta kitu kilicho chini ya au sawa na 2, na "1 - Mbaya sana" kwa kompyuta si namba, ni maandishi, haiwezi kulinganishwa na 2, kwa hivyo inarukwa bila neno. Wastani nao unaruka maandishi vilevile. Ule 4.6 ulikua wa wale watu tisa walojaza kabla ya Jumatano kwa fomu ya zamani, na hao kumi na saba wengine hawakuhesabiwa kabisa. Idadi ya majibu ilisema 26 kwa sababu nilikua nahesabu tarehe, na tarehe hazikubadilika. Yaani ile hesabu nliyoiweka ya kujilinda haikunilinda hapa.

Sifuri ni namba nzuri kuisoma ndo maana hakuna alouliza, na mimi ndo nlipaswa kuuliza kwanza, maana tangu tuanze hakuna wiki ilokua na sifuri.

Nimetengeneza karatasi ya pili ndani ya shiti, nimeiita Safi. Safu ya kwanza inaleta tarehe, zinazofuata zinachukua herufi ya kwanza tu ya kila jibu na kuigeuza namba, ikiwa ni 4 ya zamani itatoka 4, ikiwa ni "4 - Nzuri" itatoka 4 pia:

```
=ARRAYFORMULA(IF(Majibu!F2:F="","",VALUE(LEFT(Majibu!F2:F,1))))
```

Na hesabu sasa inasoma Safi peke yake. Nimeongeza sharti la 1 kwenda juu, kwa sababu dada wa risepsheni akiingiza fomu za karatasi za wale wasotaka simu, swali lilorukwa huliandikia 0, na 0 ingehesabiwa kua alama mbaya kuliko zote wakati mtu hakusema chochote:

```
=COUNTIFS(Safi!A2:A,">="&B1,Safi!A2:A,"<"&B1+7,Safi!F2:F,">=1",Safi!F2:F,"<=2")
```

Idadi ya majibu nayo nimeigawa mara mbili, "yalokuja" na "yalohesabiwa". Zikitofautiana hata kwa moja, ripoti haiendi.

Jibu la kweli la wiki ni alama za chini 4. Nlikwenda ofisini kwa Madamu mwenyewe, sikutaka kumuandikia. Alikasirika, na ni haki yake, ameshawasifu watu hadharani. Nimezima triga. Kuanzia sasa shiti inatayarisha, mimi nasoma alama za chini zote na maneno yake, halafu natuma kwa mkono kabla ya saa mbili.

Jumatatu, 1 Desemba

Majibu yalokuja 11, yalohesabiwa 11, alama za chini 0.

Safari hii fomula ni nzima, nimekagua mstari kwa mstari. Lakini 11? Nikaomba daftari la wageni, makundi 31 yametoka wiki ile. Wiki ilotangulia yalitoka 30 na majibu yalikua 26. Kwa nini watu wakose kujaza ghafla hivyo na msimu ndo huu unaanza kushika?

Sikuuliza mtu kwa ukali, nlikaa na dada wa risepsheni tukinywa chai. Akasema ukweli wake. Jumanne ilopita Madamu alisoma zile alama nne mkutanoni na akataja zamu ya nani ilikua kazini. Tangu siku hiyo, mgeni akionekana ana uso wa kununa, hakuna anayempa kile kimraba cha kuskani, wanampa yule anayetabasamu. "Wewe ungempa?" akaniuliza. Nikanyamaza.

Hili nimeliandika kwenye ripoti juu kabisa, kabla ya alama: walotoka 31, walojibu 11, alama za wiki hii zisilinganishwe na wiki nyingine. Alama za chini zikipungua pamoja na majibu kupungua, hiyo si habari ya huduma kua bora, ni habari ya nani aloulizwa. Kisha nikamuomba Madamu mambo mawili ana kwa ana. La kwanza, jina la mtu wala zamu lisisomwe mkutanoni, alama ya chini isomwe kwa kitu: maji, chai, eisi, kusubiri. La pili, fomu itoke mikononi mwa zamu, iende kwa wasapu kwa kila kundi lilotoka, jioni ileile, kutoka simu ya ofisi. Alifikiria kidogo akasema, "Haya, nimeelewa, mimi ndo niliwatisha." Nimemheshimu sana kwa neno hilo.

Jumatatu, 8 Desemba

Majibu yamerudi. Ripoti nlotuma leo ni hii, naiweka kama ilivyo:

Wiki ya 1 mpaka 7 Desemba. Makundi yalotoka 32, majibu yalokuja 27, yalohesabiwa 27.
Huduma kwa jumla: wastani 4.1, wageni waloweka alama za chini 5.
Kwa swali: chumba 4, mapokezi 1, kifungua kinywa 1, boti 0.
Maneno yao yako hapa chini, yote, bila kukatwa.

Kuna kitu kuhusu hizo hesabu nimemueleza Madamu kwa mdomo. Wa juu ni watu, watano. Wa chini ni majibu, sita, kwa sababu mgeni mmoja anaweza kukasirikia chumba na mapokezi pamoja. Ukizijumlisha zote utamuona mtu mmoja kama wawili. Aliniuliza pia kwa nini siandiki asilimia, nikamwambia kwa majibu 27 mtu mmoja tu ni karibu asilimia nne, akipungua mmoja au akiongezeka mmoja grafu itaruka na sisi tutaanza kukimbizana na kivuli. "5 kati ya 27" inasema yote na haimtishi mtu.

Sasa hizo nne za chumba. Namba za vyumba: 9, 11, 12, 14. Vyote vya juu, chini hakuna hata kimoja. Maneno: wa 12 ameandika "maji yalikatika alfajiri tukitaka kwenda boti". Wa 9 ameandika "hakuna maji saa kumi na moja asubuhi, siku mbili". Wa 14 amesema choo hakiflashi asubuhi. Wa 11 hakuandika kitu. Nikarudi nyuma kwenye alama za Novemba, yule bwana wa chumba 11 alomgombeza dada yetu, lalamiko lake lilikua kuoga kwa ndoo. Sisi tulimchukulia ni mtu wa kelele.

Madamu alipoona vyumba vyenyewe hakuniuliza swali la pili, alimpigia fundi palepale.

Jumanne, 9 Desemba

Nlipanda na fundi juu ya dari. Matangi ni mawili, moja la vyumba vya chini na moja la vya juu. La juu, boya lake limekaza, fundi alilisukuma kwa kidole halikushuka, limeshikwa na chumvi na kutu kwenye mkono wake. Maji yakipungua boya linatakiwa lishuke lifungue njia, hili lilikua lafungua nusu, maji yaingia kama uzi. Mchana hakuna anayejua kwa sababu wageni wako ufuoni na tangi linajaa polepole. Usiku wakirudi wote wanaoga, tangi linashuka, na mpaka alfajiri halijapata kujaa. Gesti ikiwa nusu tupu lilikua latosha, ndo maana Oktoba hatukusikia neno. Fundi ameweka boya jipya la plastiki, kazi haikumaliza saa moja.

Jumatatu, 15 Desemba

Yalotoka 33, yalokuja 28, yalohesabiwa 28. Wastani 4.3, alama za chini 2. Chumba 0 na gesti ilikua imejaa wiki nzima, vyumba vya juu vyote. Bado sisemi boya limemaliza kila kitu, wiki moja ni chache, nitaangalia vyumba 8 mpaka 14 peke yake mpaka mwisho wa Januari.

Hizo mbili zote ni za boti. Maneno: "bahari ya udongo, hatukuona samaki". Ami akasema hilo yeye analijua kila mwaka, mvua zikinyesha bara mto Sabaki unaleta matope baharini pale kaskazini ya mji, na kaskazi ikivuma inayasukuma huku kwetu. Hakuna fundi wa kulitengeneza hilo. Lakini mgeni alilipa akitarajia maji ya buluu ya kwenye picha, na hakuna alomwambia. Madamu ameamua ami atazame bahari kila asubuhi na risepsheni imwambie mgeni kabla hajalipa maji yakoje leo, na akitaka kungoja siku mbili aruhusiwe bila kukatwa pesa. Nimeongeza safu ya "maji" kwenye daftari la boti, ami atie safi au chafu kila safari, ili alama ya boti ikishuka niweze kuilinganisha na siku yenyewe.